Sentimita Nne za Goti, Sentimita Tano za Kisigino

Chini kidogo ya pia ya goti, upande wa mbele wa ugoko, kuna kinundu cha mfupa ambacho kila mwanafunzi anaweza kukipapasa kwa kidole. Hapo ndipo inapoishia kano inayobeba nguvu ya misuli yote minne ya mbele ya paja. Kutoka katikati ya kiungo cha goti hadi kwenye mstari ambao kano hiyo inavutia, kwa mtu mzima kuna takribani sentimita 4. Kutoka goti hilohilo hadi kifundo cha mguu kuna sentimita 40 hivi. Mwalimu wa anatomia akiandika ubaoni namba hizo mbili kabla ya jambo jingine lolote, sehemu kubwa ya somo la nyenzo za mwili imeshapata pa kusimama.

Kwa kawaida somo halianzi hivyo. Huanza na jedwali la madaraja matatu. Egemeo likiwa katikati, wenzo ni wa daraja la kwanza. Mzigo ukiwa katikati, la pili. Jitihada ikiwa katikati, la tatu. Kisha hufuata mifano ile ile ya siku zote: kichwa kinachoyumba juu ya uti wa mgongo, mtu aliyesimama juu ya vidole vya miguu, kiwiko kinachokunjwa. Mwanafunzi hukariri na kupata alama zake. Lakini akiulizwa kwa nini mchezaji mwenye mapaja ya kawaida anaupeleka mpira hadi nusu ya uwanja, jedwali halimsaidii. Jedwali linaeleza nani amekaa wapi. Halielezi nani analipa na nani anapokea, na katika mwili wa binadamu hilo ndilo swali.

Jibu lake lina zaidi ya miaka 300. Mwanahisabati wa Italia, Giovanni Alfonso Borelli, aliandika kitabu kuhusu mwendo wa wanyama kilichochapishwa Roma mwaka 1680 na 1681, muda mfupi baada ya kifo chake. Kabla yake wasomi waliona ni jambo la kawaida kudhani kwamba mwili, kama mtambo uliobuniwa vizuri, hutumia nguvu ndogo kuinua mizigo mikubwa. Borelli alipiga hesabu za nyenzo kiungo kwa kiungo, akakuta kinyume chake. Misuli imeshikizwa karibu mno na viungo, hivyo karibu kila mara inalazimika kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko mzigo wenyewe, mara nyingi kwa kiasi kikubwa sana.

Darasani hilo linaweza kuonekana bila hata kusimama. Chukua mwanafunzi mwenye kilo 60, akae juu ya meza, miguu ikining'inia, kisha anyooshe mguu mmoja na kuushikilia ukiwa mlalo. Sehemu ya mguu iliyo chini ya goti, pamoja na wayo, ni kama asilimia 6 ya uzito wa mwili, yaani kilo 3.6. Kwa kukadiria nyutoni 10 kwa kila kilo, huo ni uzito wa nyutoni 36, na kitovu chake kiko kama sentimita 24 kutoka gotini. Zidisha 36 kwa 24, gawanya kwa zile sentimita 4 za kano. Jibu ni nyutoni 216. Mguu haujagusa mpira wala haujasogea, na tayari misuli ya paja inavuta mara sita ya uzito wa mguu huo. Ni kama kuning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye kano ya goti, ili tu ugoko usianguke.

Hapo wanafunzi huuliza wenyewe: sasa hasara yote hiyo ni ya nini?

Malipo yako kwenye mwendo. Kano iliyo sentimita 4 kutoka kwenye egemeo ikisogea sentimita 1, kifundo cha mguu kilicho sentimita 40 kinasogea sentimita 10. Kano ikivutwa kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, kifundo kinapita kwa mita 10 kwa sekunde. Msuli hauwezi kujikunja kwa kasi yoyote unayotaka, lakini una nguvu nyingi. Wenzo wa goti unachukua kile ambacho msuli unacho kwa wingi na kukibadilisha kwa kile ambacho hauna. Huu ndio wenzo wa daraja la tatu unavyofanya kazi: jitihada iko kati ya egemeo na mzigo, nguvu inapotea, kasi inapatikana, kwa uwiano uleule.

Jambo hili huthibitishwa kwa vifaa vya bei ndogo. Kipande chembamba cha mbao cha sentimita 35 kinatobolewa karibu na ncha moja na kushikizwa ukutani au ubaoni kwa msumari, kikiwa mlalo. Sentimita 3 kutoka kwenye msumari hufungwa uzi unaopanda hadi kwenye mizani ya springi, na sentimita 30 kutoka kwenye msumari hutundikwa mzigo wa gramu 100. Kwanza mizani isomwe bila mzigo, kwa sababu mbao nayo ina uzito wake. Kisha mzigo uwekwe na mizani isomwe tena. Tofauti ya vipimo viwili iwe karibu na nyutoni 10, yaani mara kumi ya mzigo. Kisha mizani ipandishwe sentimita 1, na mwanafunzi mwenye rula apime mzigo umepanda kiasi gani. Atakuta unakaribia sentimita 10. Iwapo kipimo wakati wa kupandisha ni kikubwa kuliko wakati wa kushusha, tundu linabana msumari na linahitaji kupanuliwa.

Kosa la kwanza litakalojitokeza ni la kupima. Wanafunzi wakiagizwa wapime umbali wa jitihada gotini, wengi wataweka rula juu ya ugoko, kutoka kwenye kiungo kushuka hadi kwenye kinundu, na kupata namba kubwa kuliko 4. Umbali unaoingia kwenye hesabu ni ule unaokatisha kutoka kwenye egemeo na kukutana na mstari wa kuvuta kwa pembe mraba. Kifaa cha mbao kinaliweka wazi jambo hili: uzi ukilazwa hadi ufanye pembe ya nyuzi 30 na mbao, mizani inasoma mara mbili ya awali ingawa fundo la uzi halijahama. Hapo ndipo kazi ya pia ya goti inapoeleweka. Kifupa hicho kinaisukuma kano mbele, mbali na kiungo, na hivyo kuurefusha mkono wa jitihada. Mgonjwa aliyeondolewa pia ya goti kwa upasuaji bado anaweza kunyoosha mguu, lakini nguvu yake ya kunyoosha inapungua.

Hata hivyo, wenzo mmoja hautoshi kueleza mkwaju. Wayo wa mchezaji hodari hufikia mpira ukiwa na kasi ya takribani mita 20 kwa sekunde, mara mbili ya ile tuliyoipata kwa goti peke yake. Nyingine inatoka juu zaidi. Mchezaji akipeleka mguu nyuma, goti linajikunja; paja linaanza kuja mbele huku ugoko ukiwa bado umekunjwa nyuma yake. Mguu uliokunjwa una uzito wake karibu na nyonga, kwa hiyo ni rahisi kuuzungusha. Kisha paja linapunguza mwendo, na ugoko unafyatuka mbele ukiwa umebeba kasi ya paja pamoja na ya kwake. Mpira wa kawaida wa mashindano una gramu 410 hadi 450, mwepesi kuliko mguu unaoupiga, ndiyo maana unaondoka kwa kasi kubwa kuliko ya wayo wenyewe: mita 25 hadi 30 kwa sekunde kwa wapigaji hodari.

Mpangilio huo wa paja kwanza na ugoko baadaye unaweza kuonekana kwa simu ya mwalimu, mradi irekodi picha kwa mwendo wa pole. Mguu unakuja mbele kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na video ya kawaida yenye picha 30 kwa sekunde inanasa picha chache mno katika muda huo. Ikirekodi picha 120 au 240 kwa sekunde, wanafunzi wataona wazi lile paja likipunguza mwendo kabla mpira haujaguswa. Anayepiga mpira kwa goti lililonyooka tangu mwanzo naye ataonekana, na darasa litaweza kueleza kwa nini mpira wake haufiki mbali.

Kurusha kunaleta mfano unaolichanganya jedwali la madaraja, na kwa sababu hiyohiyo unafaa kufuata. Kiwiko kinanyooshwa na msuli wa nyuma ya mkono, ambao kano yake imeshikwa kwenye ile ncha ya mfupa inayogonga meza mtu akiegemea. Egemeo, ambalo ni kiungo cha kiwiko, liko kati ya kano na kiganja. Huu ni wenzo wa daraja la kwanza, uleule wa bembea ya ubao ambayo vitabu hupenda kuichora ikiwa imesawazika. Lakini mkono wa jitihada hapa ni kama sentimita 2 hadi 2.5, na kutoka kiwiko hadi kiganja ni zaidi ya sentimita 30. Daraja limebadilika, biashara ni ileile ya goti: nguvu nyingi inaingia, kasi nyingi inatoka.

Mwanafunzi aliyekariri kwamba daraja la tatu ndilo la kasi atakwama hapa. Aliyepima umbali hatakwama.

Mkuki unaonyesha kasi hiyo inavyokusanywa. Tarehe 26 Agosti 2015, mjini Beijing, Mkenya Julius Yego alirusha mkuki wa gramu 800 umbali wa mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Sifa yake nyingine ni kwamba alijifunza mambo mengi ya mchezo huo kwa kutazama video za warushaji wa Ulaya mtandaoni. Katika mrusho wa aina hiyo mguu wa mbele unatua ukiwa umenyooka na kukaza, na mwili wote unazunguka juu yake kama juu ya egemeo. Nyonga zinatangulia mabega, mabega yanatangulia kiwiko, kiwiko kinatangulia kiganja. Kila sehemu inapofungwa breki, sehemu iliyo mbele yake inarithi mwendo. Mkono ndio wa mwisho kurithi, na ndio mwepesi kuliko zote.

Tufe linafundisha upande wa pili. Mwanafunzi aliyezoea kurusha jiwe akipewa tufe la kilo 4 hujaribu kulipeleka nyuma ya kichwa, na mwalimu wa michezo humkataza. Sababu yake ni hesabu ya wenzo. Tufe hilo likiwa mkononi uliopanuliwa, sentimita 60 kutoka begani, uzito wake wa nyutoni 40 unadai momenti ya nyutoni-mita 24 begani hata kabla halijasukumwa. Likiegemezwa shingoni, umbali huo karibu unatoweka. Ndiyo maana tufe husukumwa kutoka shingoni, kiwiko kikiwa nyuma yake. Mwili umekubali kupoteza kasi ya ncha ili uweze kuumudu mzigo. Mkuki na tufe vikiwekwa ubavu kwa ubavu, darasa linaona kwamba urefu wa wenzo si jambo la kudumu. Mwanamichezo anaubadilisha kwa kukunja na kunyoosha viungo, kulingana na uzito wa kile anachorusha.

Sasa kuruka, na hapa kuna kosa ambalo limekaa vitabuni kwa muda mrefu.

Mwanafunzi wetu wa kilo 60 asimame kwa mguu mmoja, kisha ainuke juu ya vidole. Kitabu kinasema huu ni wenzo wa daraja la pili: egemeo ni chini ya vidole, mzigo ni uzito wa mwili unaoshuka kwenye kifundo cha mguu, na jitihada ni kano ya kisigino inayovuta juu. Kutoka kwenye egemeo hadi kifundo tuchukue sentimita 13, na kutoka kifundo hadi kwenye kano sentimita 5, jumla 18. Zidisha nyutoni 600 kwa 13, gawanya kwa 18. Jibu ni nyutoni 433, chini ya uzito wa mwili. Kitabu kinafurahi: daraja la pili limeokoa nguvu.

Vipimo vinakataa. Mtafiti Paavo Komi na wenzake nchini Finland waliweka kifaa cha kupimia moja kwa moja kwenye kano ya kisigino ya mtu aliye hai, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1992 walipata wakati wa kukimbia nguvu ya hadi nyutoni 9,000, zaidi ya mara 12 ya uzito wa mkimbiaji. Kano isiyobeba hata uzito wa mwili mtu akiwa juu ya vidole haiwezi kufika huko mtu akikimbia.

Kosa limejificha kwenye mzigo. Misuli ya shavu la mguu haikufungwa kwenye dari. Imeshikwa juu ya kifundo, mmoja kwenye mifupa ya ugoko na mwingine kwenye mfupa wa paja. Inapovuta kisigino kwenda juu, inavuta mguu huohuo kwenda chini kwa nguvu ileile. Kwa hiyo kifundo hakibebi nyutoni 600 peke yake, bali 600 pamoja na nguvu ya kano yenyewe. Kisigino kingevutwa kwa kamba iliyofungwa darini, ile hesabu ya 433 ingekuwa sahihi. Kwa msuli wa mwili, si sahihi.

Kuna njia rahisi zaidi ya kufika kwenye ukweli. Kifundo cha mguu kichukuliwe kuwa egemeo. Ardhi inasukuma juu chini ya vidole kwa nyutoni 600, sentimita 13 mbele ya egemeo. Kano inavuta sentimita 5 nyuma yake. Zidisha 600 kwa 13, gawanya kwa 5, na kano inabeba nyutoni 1,560. Sasa rudi kwenye daraja la pili, safari hii na mzigo uliokamilika: 600 ukijumlisha 1,560 ni 2,160 kwenye kifundo. Zidisha kwa 13, gawanya kwa 18, na jibu ni 1,560 tena. Njia mbili, maegemeo mawili, madaraja mawili, na kano ileile yenye nguvu ileile. Daraja lilikuwa uamuzi wa mchoraji kuhusu mahali pa kuweka egemeo. Namba 13 na 5 hazikuwa uamuzi wa mtu yeyote.

Kutoka kusimama hadi kuruka ni hatua fupi. Anayeruka wima kwa miguu miwili anaisukuma ardhi kwa nguvu inayoweza kuzidi mara mbili ya uzito wake, na kila mguu unabeba nusu. Nyonga, goti na kifundo vinanyooka takribani kwa mfuatano huo, kifundo kikimalizia. Morani wa Kimasai wanaoruka ngomani bila visigino kugusa ardhi wanaonyesha kazi ya ziada ya kano: mwili unapotua inanyooshwa kidogo, inahifadhi sehemu ya nishati, na kuirudisha mwili unapopanda. Mwanafunzi akijaribu kuruka mara kadhaa kwa namna hiyo atajua kwa shavu la mguu, kabla ya kujua kwa kalamu, nyutoni zile zinatoka wapi.

Linabaki swali moja ambalo darasa lililofika hapa linaweza kupewa bila kusaidiwa. Kisigino kirefu kinaupa msuli mkono mrefu wa jitihada. Je, wakimbiaji wa mbio fupi wana visigino virefu zaidi? Utafiti wa Sabrina Lee na Stephen Piazza wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, uliwalinganisha wakimbiaji 12 wa mbio fupi na watu wengine 12 wasio wakimbiaji. Walikuta mkono wa jitihada wa kano ya kisigino kwa wakimbiaji ulikuwa mfupi kwa wastani wa robo, na vidole vyao vilikuwa virefu zaidi.

Wengi watabashiri kinyume. Ufunguo uko kwenye kazi aliyoifanya Archibald Hill kwa misuli ya chura na kuichapisha mwaka 1938: msuli unaojikunja kwa haraka hutoa nguvu ndogo kuliko unaojikunja polepole. Kisigino kikiwa kifupi, msuli unajikunja kidogo kwa kila nyuzi ambayo kifundo kinageuka. Unakwenda polepole, na hivyo unabaki na nguvu katika zile sehemu ndogo za sekunde ambazo wayo uko ardhini. Hasara ya mkono mfupi inafidiwa, kwa anayekimbia mbio fupi, na msuli usiochoshwa na kasi. Utafiti huo haukuonyesha kama watu hao walizaliwa hivyo au kama mazoezi ya miaka mingi yalibadilisha miguu yao, na kwa kuwa ulilinganisha watu 24 tu, hautoshi kumchagua mwanariadha kwa kupima kisigino chake.

Kwa mtihani wa mwisho wa mada, basi, swali la daraja gani liwe na alama moja. Alama nyingine zitolewe kwa mchoro wa mguu ulioandikwa vipimo viwili vya umbali na uzito wa mtu. Mwanafunzi atafute nguvu ya kano, aseme kifundo kinabeba kiasi gani, kisha aeleze kinachotokea kwa nguvu na kwa kasi ikiwa sentimita 5 za kisigino zitakuwa 4. Kwa mtu wa nyutoni 600 na sentimita 13 za mbele, kano itapanda kutoka 1,560 hadi 1,950, na kwa kila sentimita ambayo msuli unajikunja, vidole vitasukuma umbali mrefu kwa robo zaidi ya awali.